Kumkatalia muuzaji kotesheni na kesho ukarudi dukani kwake: mfano wa mabati ya Raskazone

Sisi watu wa Tanga ni wazito wa kutamka "hapana". Muuzaji akituletea kotesheni isiyotufaa tunamwambia "haya, tutawasiliana, inshallah", kisha tunanyamaza tukidhani tumemstahi. Yeye kule dukani kalisikia neno hilo kama ahadi. Mzigo kauweka kando, kijana wake kaambiwa asiuguse, na pengine mteja mwingine karudishwa kwa ajili yetu.

Mimi hununua vifaa vya nyumba ya wageni yenye vyumba 18 huku Raskazone, na kosa hilo nimelifanya mwenyewe. Niliomba bei ya mbao kwa muuzaji mmoja wa Muheza, nikaona ni kubwa, nikamjibu "tutawasiliana". Wiki tatu zile mbao zilikaa zimefunikwa turubai zikinisubiri. Miezi minne baadaye nilihitaji mbao kwa haraka na ni yeye peke yake aliyekuwa nazo kavu. Alinipokea vizuri, akanikaribisha na maji ya kunywa, akanitajia bei ileile bila kupunguza hata shilingi, na fedha yote mkononi kabla gari halijapakia. Sikuwa na la kusema. Tangu hapo nimejifunza kukataa kwa utaratibu, na utaratibu wenyewe ndio huu.

Ninaandika kwa anayenunua kwa ajili ya biashara yake, shule binafsi, msikiti, au nyumba anayoijenga. Taasisi za umma hununua kupitia mfumo wa NeST na zina kanuni zake za kuwaarifu walioshindwa, kwa hiyo afisa wa halmashauri asifuate haya yangu akaacha kanuni zake.

Mfano nitakaokwenda nao ni wa paa. Upepo wa bahari hapa una chumvi, na mabati yetu ya zamani yalikuwa yameliwa na kutu kwenye misumari na pembezoni. Tulitaka kuezeka upya Januari na Februari, kabla masika hayajaingia. Niliomba bei ya mabati 160 ya rangi, migongo mipana, geji 28, urefu wa mita 3, yafikishwe saiti. Kotesheni zikaja tatu. Ya kwanza ilitoka kwa mzee mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi Ngamiani, ambaye tumenunua kwake kwa miaka mingi. Ya pili ilitoka kwa wakala wa Dar es Salaam ambaye hatukuwahi kufanya naye kazi. Ya tatu ilitoka kwa duka jipya la hapa hapa mjini.

Hatua ya kwanza: ijue sababu yako kabla hujafungua mdomo

Kukataa kwa adabu huanzia kwenye makaratasi. Ukimwambia mtu "bei yako iko juu" na kumbe hukulinganisha vizuri, atakuuliza swali moja tu na utababaika. Ziweke kotesheni zote kwenye mstari mmoja: bei ya bati likiwa limeshafika saiti, kodi ikiwa ndani.

Mzee aliandika shilingi 48,000 kwa bati, kodi na usafiri vikiwa humo humo. Mabati 160 ni shilingi 7,680,000. Wakala wa Dar aliandika 37,000, na kwa haraka ukiona hivyo unadhani tofauti ni mbingu na ardhi. Lakini chini kabisa, kwa herufi ndogo, aliandika kwamba Kodi ya Ongezeko la Thamani haimo. Ukiongeza asilimia 18 bati linakuwa 43,660, na mabati yote 6,985,600. Usafiri wa kuyaleta Tanga aliuweka peke yake, 320,000. Jumla 7,305,600. Ile tofauti ya 11,000 kwa bati imebaki 374,400 kwa mzigo mzima, ambayo haifiki hata asilimia 5 ya bei ya mzee. (Sisi hatujasajiliwa kwa kodi hiyo, kwa hiyo tukiilipa imekwenda. Kama wewe umesajiliwa na utaidai, linganisha bei bila kodi.)

Duka la tatu liliandika 34,000, kodi ndani. Lakini kwenye maelezo ilisomeka geji 30. Kwenye mabati namba ikipanda bati linakuwa jembamba, na wembamba huo sikuutaka kwenye nyumba inayopigwa na upepo wa bahari. Bei yake ilikuwa nzuri kwa kitu ambacho sikukiomba.

Kwa hiyo nina watu wawili wa kuwakatalia, na sababu zao si moja. Duka la tatu halikukidhi maelezo. Mzee alikidhi kila kitu, akazidiwa kwa bei. Andika sababu ya kila mmoja kwa sentensi moja kwenye daftari kabla hujapiga simu. Kisha jiulize: akiisikia sababu hii, kuna kitu anaweza kukibadilisha safari ijayo? "Hukukidhi geji" anaweza kuibadilisha. "Usafiri wako umejificha ndani ya bei, sikuweza kuuona" anaweza kuibadilisha. "Bosi hakupendezwa" haimsaidii kitu, na mara nyingi wala si kweli.

Sababu moja inatosha. Ukimpa nne ataona unamtafutia makosa, na atashika ile iliyo dhaifu kuliko zote aanze kubishana nayo.

Hatua ya pili: panga nani aambiwe lini

Hapa ndipo wengi huteleza, hata wale wenye nia njema. Tazama tarehe ya mwisho ya kila kotesheni. Ya mzee ilisema bei itadumu siku 14. Siku hizo ni zake kama zilivyo zako, kwa sababu amejifunga kwa bei hiyo, na huenda amefunga na mzigo. Jibu lako lazima limfikie kabla hazijaisha. Ukimpigia siku ya 15 kumwambia hapana, ameshajua, na amejua kwa njia mbaya.

Lakini usikimbilie kumkataa aliyeshika nafasi ya pili kabla aliyeshinda hajakubali oda. Mimi hufanya hivi: yule ambaye hana nafasi kabisa, kama duka la geji 30, namwambia siku hiyohiyo niliyomaliza kulinganisha. Hakuna la kusubiri. Yule wa pili kwa ubora, kama mzee, namsubirisha mpaka aliyeshinda athibitishe oda kwa maandishi na kutaja siku ya kupakia. Kwa kawaida hilo halizidi siku mbili. Katika siku hizo mbili simnyamazii. Namtumia meseji fupi: "Mzee, kotesheni yako nimeipata na nimeisoma. Alhamisi jioni nitakupa jibu la mwisho. Tafadhali usimnyime mteja mwingine mzigo kwa ajili yangu." Ile sentensi ya mwisho ndiyo muhimu kuliko zote. Inamfungua mikono.

Ukimkataa wa pili mapema, na wa kwanza akakwambia kiwanda kimepandisha bei au rangi hiyo imekwisha, itabidi umrudie yule uliyemkataa jana. Anaweza kukupokea, lakini sasa anajua huna pa kwenda.

Na Alhamisi jioni ikifika, mjibu Alhamisi jioni. Kama bado hujapata uhakika, mpigie hivyohivyo umwambie bado, na umtajie siku nyingine.

Hatua ya tatu: simu kwanza, na jibu lije mapema

Kwa mtu mnayefahamiana, maandishi peke yake ni baridi. Kwa mtu mzima wa hapa mjini tena ni utovu wa adabu, kama vile umemtumia mtoto kupeleka habari ya msiba. Piga simu, au kama duka liko njiani mwako pitia. Chagua saa ambayo dukani hakujajaa wateja. Asubuhi sana anafungua na kupanga mzigo, na Ijumaa karibu na saa sita anajiandaa kwenda msikitini. Mimi nilimpigia mzee saa kumi alasiri.

Salamu za kwetu ni ndefu na zisikatwe. Shikamoo, habari za nyumbani, mama hajambo, biashara inakwendaje. Lakini salamu zikiisha, neno lako la kwanza liwe jibu. Usianze kusifia duka lake, urafiki wenu na ubora wa mabati yake kisha ukaishia na "lakini". Kila muuzaji aliyekaa dukani mwaka mmoja anaitambua "lakini" hiyo ikiwa bado iko mbali, na sifa zako zote zinageuka kuwa maneno ya kumpumbaza.

Mazungumzo yetu yalikuwa hivi, kwa jinsi ninavyoyakumbuka:

"Mzee, nimekupigia kwa ile kotesheni ya mabati. Safari hii hatukuchukua kwako."

Akakaa kimya kidogo. "Haya mwanangu. Tatizo bei?"

"Ndiyo mzee, bei ikiwa imeshafika saiti. Mabati yako yalikuwa sawasawa na nilivyoomba, geji na rangi, na siku zako mbili za kuleta zilikuwa nzuri kuliko za wote. Tulipojumlisha kodi na usafiri kwa kila mmoja, yako ilizidi kidogo."

"Ilizidi ngapi?"

"Chini ya asilimia 5 ya bei yako."

Angalia nilichosema na nisichosema. Nimesema "safari hii", maneno mawili tu, na yanabeba kazi kubwa: yanamwambia hukumu ni ya mzigo huu, haikuwa ya duka lake. Nimemtajia alichofanya vizuri, lakini baada ya jibu na kwa jambo mahususi, siku mbili za kuleta, ambalo anaweza kuliamini kwa kuwa analijua ni kweli. Nimempa ukubwa wa tofauti kwa makadirio. Sikumtajia jina la aliyeshinda wala bei yake.

Usiseme "tutaangalia". Usiseme "inshallah" mahali pa hapana. Neno hilo ni zito kuliko kulifanya mlango wa kutorokea. Usiseme pia "bosi ndiye aliyekataa" ikiwa wewe ndiye uliyeamua. Tanga ni ndogo. Bosi wako na mzee wataswali safu moja, na mzee atamuuliza.

Hatua ya nne: yaandike

Simu imetuliza moyo, maandishi yanamaliza hesabu. Muuzaji ana karani au kijana wa stoo anayehitaji kuona kwamba kotesheni fulani imefungwa. Tuma siku hiyohiyo, kwa Watsapu au barua pepe, njia ileile aliyoitumia kukuletea bei. Taja namba ya kotesheni na tarehe yake ili isichanganywe na nyingine. Niliyomtumia mzee ni hii, namba na tarehe nimeziondoa hapa:

"Assalaam alaykum mzee. Kama tulivyozungumza leo, nakushukuru kwa kotesheni yako ya mabati 160 ya geji 28, mita 3. Safari hii tumenunua kwingine, kwa sababu jumla ya bei hadi saiti, kodi ikiwemo, ilikuwa chini kidogo ya yako. Kwa hiyo kotesheni hii tuichukulie imefungwa na mzigo uko huru. Mwezi wa saba tunatarajia kuezeka jiko na nyumba ya mlinzi. Nitakuomba bei tena, na nitashukuru ukiandika usafiri peke yake na mabati peke yake. Ahsante kwa kutujibu haraka."

Ni sentensi chache tu. Watu huniuliza kama ile ya mwezi wa saba si ahadi. Si ahadi ya kununua. Ni ahadi ya kuomba bei, na hiyo iko ndani ya uwezo wangu. Tofauti hiyo ishike vizuri. "Safari ijayo tutachukua kwako" ni deni ambalo huenda usiweze kulilipa, kwa sababu hujui bei za mwezi wa saba. "Nitakuomba bei tena" unaweza kulitimiza hata mambo yaweje. Na kama huna kazi yoyote unayoiona mbele, usiibuni. Andika tu kwamba namba yake unabaki nayo kwa mahitaji ya aina hiyo.

Duka la geji 30 nililiandikia kwa namna nyingine kidogo, kwa kuwa sababu ilikuwa nyingine. Mwenye duka ni kijana, tunaitana kaka, na meseji ilitosha bila simu: "Kaka, ahsante kwa kotesheni. Tuliomba geji 28 na yako imeandikwa geji 30, kwa hiyo hatukuweza kuiingiza kwenye ulinganisho. Tunanunua kwingine. Ukiwa na geji 28 nitumie bei yake ya sasa, niiweke kwa kazi ijayo." Alinijibu baada ya nusu saa kwamba yeye alidhani natafuta cha bei nafuu, ndiyo maana akashusha geji. Bila kumwambia sababu angeendelea kudhani hivyo kila ninapomwomba bei.

Hatua ya tano: akishusha bei hapo hapo

Hii itatokea, jiandae. Mzee aliposikia asilimia 5 alisema, "Basi nikupunguzie, nifanye elfu 45." Kwa elfu 45 jumla ingekuwa 7,200,000, chini ya ile ya Dar kwa shilingi 105,600. Nakiri nilisita.

Lakini wakala wa Dar alikuwa ameshathibitisha oda na kutaja siku ya kupakia. Kumgeuka kungenipa laki moja leo na sifa mbaya kwa muda mrefu, na mzee mwenyewe angejua kuwa neno langu halidumu, kwa kuwa leo namgeukia yeye na kesho nitamgeuka. Nilimwambia hivi: "Mzee, nashukuru sana. Oda nimeshaitoa na mwenzako ameshakubali, siwezi kumrudisha nyuma. Lakini nimekusikia, na mwezi wa saba nianzie bei hiyo." Akacheka, akasema "haya mwanangu, umefanya uungwana."

Kama oda bado haijatoka, jambo ni jingine. Unaweza kufungua mlango wa punguzo, lakini uufungue kwa wote waliokidhi maelezo, kwa muda uleule na masharti yaleyale: "nipe bei yako ya mwisho kwa maandishi kabla ya kesho saa sita mchana." Ukimfungulia mmoja kwa siri, umegeuza bei ya mwenzake kuwa fimbo.

Na akikung'ang'aniza umtajie bei ya aliyeshinda, au umtumie picha ya karatasi yake, kataa kwa upole na bila kuzungukazunguka: "Mzee, bei yake ni siri yake, kama mimi nisivyomwonyesha mtu yako." Sijaona muuzaji aliyekasirika kwa jibu hilo. Wengi hutulia, kwa sababu wamejua karatasi zao haziko mikononi mwa jirani. Ukishapeleka kotesheni ya huyu kwa yule, hata mara moja, habari zitaenea barabara zote za Ngamiani kabla ya magharibi, na baada ya hapo kila bei utakayoletewa itakuwa imeongezwa kitu cha kukatwa.

Hatua ya sita: rudi kwa jambo dogo

Mlango hukaa wazi ukitumiwa. Kwenye daftari langu, mbele ya jina la kila muuzaji niliyemkataa, naandika vitu vitatu: tarehe, sababu niliyompa, na lini nilisema nitamwomba bei. Mwezi huo ukifika naomba, hata kama moyoni nadhani hatashinda. Na katikati, nikihitaji kitu kidogo ambacho ubora wake si wa kubishania, nakwenda kwake.

Kwa paa hili jambo dogo lilijileta lenyewe. Mabati ya Dar yalifika salama, lakini fundi alikuwa amekosea hesabu ya kofia za paa, zikapungua sita, na skrubu nazo hazikutosha. Kuagiza kofia sita Dar ni kupoteza siku, na mafundi wako juu ya paa. Nilikwenda kwa mzee. Neno la kwanza aliloniambia ni kwamba nisichukue bila kuleta kipande cha bati, kwa sababu rangi ya viwanda viwili inaweza kuitwa jina moja na isifanane juani. Nikamleta kijana na kipande, tukakilinganisha na kofia nje ya duka, zikakubaliana, tukaondoka nazo na skrubu pakiti mbili. Sikuombwa fedha kabla ya mzigo. Nilikumbuka mbao za Muheza.

Kuna wauzaji ambao hupaswi kuwaachia mlango wazi, na ni vyema kulisema hili kwa sababu maneno ya upole huwa yanatoka yenyewe. Aliyekuletea mzigo pungufu akakataa kuhesabu upya, au asiyetaka kutoa risiti ya mashine, usimwandikie "tutakuomba bei tena". Mshukuru kwa kotesheni, mwambie umenunua kwingine, ishia hapo. Ukimwandikia yale ya mlango wazi atakupigia simu kila mwezi, na kila mwezi utatafuta neno la kumkwepa, tukarudi kwenye "tutawasiliana".

Na kazi ikiahirishwa isinunuliwe kokote, waambie wote walioleta bei. Hili husahaulika kwa kuwa hakuna aliyeshinda, na mtu anaona hakuna aliyeshindwa. Wao wanasubiri vilevile. Sentensi mbili zinatosha: kazi imesogezwa mbele, kotesheni tuzifunge, tutaomba upya zikifika siku zake. Usimwombe akushikie bei ya sasa. Kiwanda kikipandisha bei hawezi kuishika, na utakuwa umemfanya aahidi asichoweza.

Mwezi wa saba nilimwomba mzee bei ya mabati 42 ya jiko na nyumba ya mlinzi. Karatasi ilikuja siku ya pili yake, mabati mstari wake, usafiri mstari wake, kodi mstari wake.